Andalio la somo kwa wanafunzi wenye vipawa ndani ya darasa la kawaida: mzingo na eneo, Darasa la Tano

Shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala huchukua wanafunzi baada ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kabla ya hapo mtoto mwenye kipawa cha hisabati anakaa kwenye dawati lilelile na wenzake sitini, mbele ya mwalimu mmoja na ubao mmoja. Mwongozo huu ni wa mwalimu huyo. Hauhitaji darasa la pembeni, kompyuta wala msaidizi. Unahitaji mada moja iliyopangwa vizuri, kadi chache za manila, viberiti kadhaa na vipindi viwili vya dakika 40, kisha mradi mdogo wa wiki nne.

Mada tunayotumia ni mzingo na eneo la mstatili na mraba. Kama azimio lenu la kazi linaiweka darasa jingine, ihamishe tu, mantiki haibadiliki.

Tangulia kuelewa kanuni moja, kwa sababu ikikosewa hii mengine yote yanaharibika: kazi ya kina inachukua nafasi ya kazi ya kawaida, haiongezwi juu yake. Mtoto aliyemaliza maswali kumi akapewa mengine kumi ya aina ileile anajifunza jambo moja tu, kwamba akiwahi kumaliza ataadhibiwa kwa kazi. Wiki ya tatu utamwona anapunguza mwendo makusudi, anachora pembeni mwa daftari, au anamaliza na kunyamaza. Kumfanya asahihishe madaftari ya wenzake au awe mwalimu mdogo wa kikundi hakutatui tatizo pia. Anaweza kufanya hivyo siku moja moja kwa hiari yake, lakini hiyo ni huduma anayoitoa yeye, na somo la siku hiyo yeye hajalipata.

## Siku mbili kabla: maswali matano magumu

Usianze na orodha ya walioongoza mtihani uliopita. Mtihani wa muhula unaonyesha nani anafuata njia aliyofundishwa bila kukosea, wakati kipawa mara nyingi kinajitokeza kwa mtoto anayekosea hesabu ndogo lakini anaona njia ambayo hakufundishwa. Badala yake chukua maswali matano magumu kuliko yote ya mada, yale ambayo kwa kawaida ungeyafikia mwishoni, uyaandike ubaoni na kuwapa wote dakika 15. Waambie wazi kwamba hayaingii kwenye alama, na kwamba mada hii bado hawajafundishwa.

1. Mstatili una urefu wa sm 14 na upana wa sm 9. Tafuta mzingo na eneo.
2. Mzingo wa mraba ni sm 52. Eneo lake ni ngapi?
3. Eneo la mstatili ni sentimita za mraba 96, upana wake sm 6. Mzingo ni ngapi?
4. Sakafu ya chumba ina m 5 kwa m 4. Inawekwa vigae vya mraba vyenye upande wa sm 50. Vinahitajika vigae vingapi?
5. Kutoka kwenye kona ya mstatili wa sm 10 kwa sm 8 imekatwa mstatili mdogo wa sm 4 kwa sm 3. Umbo lililobaki lina eneo gani na mzingo gani?

Majibu ni haya: sm 46 na sentimita za mraba 126, sentimita za mraba 169, sm 44, vigae 80, na kwa swali la tano, sentimita za mraba 68 na mzingo wa sm 36.

Mwanafunzi aliyepata manne kati ya matano, na njia yake inaonekana, haihitaji mada hii kwa namna ulivyopanga kuwafundisha wengine. Katika darasa la sitini watapatikana wachache, pengine watatu, pengine sita. Ila usisahihishe kwa vema na kosa peke yake. Swali la tano lina siri yake: kukata kona hakubadilishi mzingo hata kidogo, kwa sababu pande mbili mpya zilizojitokeza ndani ni sawa na vipande viwili vilivyoondolewa nje. Wengi wataandika sm 29 au sm 22, kwa kutoa kitu fulani kwenye 36, au wataacha wazi. Mtoto aliyeandika "mzingo ni uleule" bila kujumlisha pande sita ameona jambo, hata kama swali la pili alilikosa kwa kuzidisha vibaya. Mwingize kwenye kundi. Yule aliyepata manne lakini hana hata mstari mmoja wa njia muite mezani umuulize moja kwa mdomo: "Hili la tatu ulianzia wapi?" Jibu lake litakuambia kama alifikiri au alichungulia.

Angalia pia nani hayumo. Mtoto aliyekosa shule wiki mbili kwa sababu ya kuuza sokoni au kulea mdogo wake, msichana asiyenyoosha mkono kamwe, mtoto ambaye Kiswahili cha kitabuni bado kinamsumbua: hawa ndio huachwa nje ya karatasi. Wasomee maswali kwa sauti, waache wachore badala ya kuandika.

## Kipindi cha kwanza: swali moja la wazi kwa darasa zima

Siku ya kwanza hakuna kundi la pembeni. Wote wanapewa swali moja lenye majibu mengi, ambalo kila mtu anaweza kuliingia na hakuna anayeweza kulimaliza haraka:

*Mstatili una mzingo wa sm 24. Eneo lake linaweza kuwa ngapi?*

Linganisha na swali la kawaida la kitabuni, "mstatili una urefu wa sm 8 na upana wa sm 4, tafuta eneo." Lile la kitabu lina mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Hili letu linamtaka mwanafunzi achague vipimo mwenyewe, ahakikishe vinatimiza sharti, kisha ahesabu eneo. Wakati anatafuta jibu moja ameshafanya mazoezi manne au matano ya mzingo na eneo bila kuyaona kuwa mazoezi. Ndiyo sababu swali la wazi halimpotezei muda mwanafunzi wa kawaida.

Dakika 5 za mwanzo ni za kukumbushana mzingo ni nini na eneo ni nini, kwa kuzunguka kidole kwenye ukingo wa daftari na kisha kupapasa jalada lake lote. Andika swali ubaoni, lisome mara mbili, kisha nyamaza. Wape dakika 3 za kila mtu peke yake kabla ya kuzungumza na jirani. Dakika hizi tatu ni ngumu kwa mwalimu kuliko kwa watoto. Ukianza kufafanua sekunde ya thelathini, umeshalifunga swali.

Madawati ambayo bado hayajaanza yape njiti 24 za kibiriti. Kila njiti ni kipimo kimoja, na kazi yao ni kuunda mstatili kwa njiti zote bila kubakiza hata moja. Hakikisha unawapa 24 kamili, maana ikipungua moja mstatili hautafunga nao watadhani wamekosea wao.

Kutoka dakika ya 8 hadi ya 22 wanafanya kazi wawili wawili huku ukizunguka. Usiseme "vizuri" wala "si kweli". Beba maswali matatu tu mdomoni na uyatoe kulingana na unachokiona kwenye daftari. Kwa aliyepata jibu moja akaweka kalamu chini: "Kuna mstatili mwingine?" Kwa aliyepata manne au matano bila mpangilio: "Utajuaje kwamba hujaacha hata mmoja?" Kwa aliyepata yote sita: "Nani alisema urefu lazima uwe namba nzima?"

Swali la tatu ndilo linalomfungulia mlango mtoto mwenye kipawa bila kumtenga. Kwa namba nzima mistatili ni sita: 1 kwa 11 yenye eneo 11, 2 kwa 10 yenye 20, 3 kwa 9 yenye 27, 4 kwa 8 yenye 32, 5 kwa 7 yenye 35, na 6 kwa 6 yenye 36. Akiruhusiwa desimali atapata 5.5 kwa 6.5 yenye 35.75, kisha 5.9 kwa 6.1 yenye 35.99, na ataanza kuhisi kwamba 36 ni dari isiyopitika. Upande wa pili ataona eneo linaweza kuwa dogo atakavyo: upana wa sm 0.1 na urefu wa sm 11.9 vinatoa 1.19 tu. Hapo swali la Darasa la Tano limeshagusa jambo ambalo atakutana nalo tena sekondari.

Dakika ya 22 hadi ya 35 ni ya ubao. Anza na wenye jibu moja, si na wenye majibu sita. Ukimwita bingwa kwanza, darasa linafunga madaftari. Waache majibu yaje ovyo, uyaandike ovyo, kisha uombe mtu mmoja ayapange. Wakishaona safu ya maeneo 11, 20, 27, 32, 35, 36, uliza kinachoendelea. Mara nyingi mtu atagundua kwamba tofauti zinashuka 9, 7, 5, 3, 1, na darasa zima linaweza kuliona hilo bila fomula.

Utazuka ubishi kuhusu 6 kwa 6: "Huo ni mraba, mwalimu ametaka mstatili." Usiukate haraka. Waulize mstatili unatakiwa uwe na nini: pande nne, pembe zote mraba. Je, umbo la 6 kwa 6 limekosa kipi? Waache wahukumu wenyewe, kisha uthibitishe kwamba mraba ni aina ya mstatili. Dakika tano za mwisho kila mmoja anaandika sentensi moja daftarini: mzingo ukiwa uleule, eneo hubadilikaje? Sentensi hizo ndizo tathmini yako ya siku.

Kosa linaloua kipindi hiki ni mwalimu kusema "jibu tulilokuwa tunalitafuta ni 36." Akisema hivyo, swali limegeuka kuwa la kufungwa, na safari ijayo watakaa kusubiri jibu analolitaka yeye.

## Kipindi cha pili: njia mbili ndani ya chumba kimoja

Sasa darasa linagawanyika. Wengi wanahitaji mafundisho ya moja kwa moja ya fomula na mazoezi ya kutosha. Wale wachache uliowapata kwa maswali matano hawayahitaji, hivyo wanapokea kadi.

Waweke wawili au watatu pamoja karibu na dirisha au mlango, mahali ambapo unaweza kuwafikia bila kukatiza darasa. Kabla ya kengele wape masharti manne kwa mdomo: soma kadi mara mbili kabla ya kuuliza; ukikwama muulize mwenzako, kisha jaribu namba ndogo, ndipo umwite mwalimu; sauti isivuke dawati; mwisho wa kipindi kila mmoja akabidhi ukurasa mmoja. Masharti haya yakikosekana utaitwa kila dakika mbili, na wiki inayofuata utaziacha kadi ukidai hazifanyi kazi.

Kadi inaandikwa hivi:

*Una waya wa mita 24. Unajenga banda la kuku la mstatili.*
*(a) Banda liko katikati ya uwanja. Eneo kubwa kabisa ni lipi?*
*(b) Banda linaegemea ukuta mrefu, upande wa ukuta hauhitaji waya. Kabla ya kuhesabu, andika unachokisia. Kisha tafuta eneo kubwa kabisa.*
*(c) Banda liko kwenye kona ya kuta mbili. Je, sasa?*
*(d) Linganisha majibu matatu. Unaona nini, na kwa nini iko hivyo?*

Sehemu ya (a) wanaijua tangu jana, ni 36. Iko pale ili waingie kwenye (b) wakiwa na uhakika kupita kiasi. Karibu wote watakisia mraba tena: waya umegawanywa pande tatu, 8 kwa 8, eneo 64. Ndiyo maana kadi inawataka waandike makisio kwanza. Wakipanga jedwali wataona mambo ni tofauti:

| Upana (m) | Urefu kando ya ukuta (m) | Eneo (m²) |
|---|---|---|
| 3 | 18 | 54 |
| 4 | 16 | 64 |
| 5 | 14 | 70 |
| 6 | 12 | 72 |
| 7 | 10 | 70 |
| 8 | 8 | 64 |

Bora ni 6 kwa 12, yaani mstatili ambao urefu wake ni mara mbili ya upana. Mtoto aliyezoea kupata vyote kwa mara ya kwanza hapa anakutana na makisio yake yaliyoanguka, na ni vizuri akutane nayo mapema, kwenye karatasi isiyo na alama. Mwingine atakasirika, mwingine atasema kadi imekosewa. Usimwokoe. Mwambie tu ajaribu upana wa 5 na wa 7.

Sehemu ya (c) inatoa 12 kwa 12, eneo 144. Majibu matatu sasa ni 36, 72 na 144, na kila ukuta umelifanya eneo kuwa mara mbili. Kuliona hilo ni rahisi. Kueleza kwa nini ndiyo kazi yenyewe, na hapa wengi watakwama, jambo ambalo ni la kutarajiwa. Andaa vidokezo vitatu kwenye vipande vya karatasi, utoe kimoja kimoja na usitoe cha pili kabla hawajakitumia cha kwanza kwa dakika tano:

Cha kwanza kinasema: chora banda lako la (b), kisha chora pacha wake upande wa pili wa ukuta. Cha pili: sasa futa ukuta, umepata banda gani, na limetumia waya kiasi gani? Cha tatu: banda hilo kubwa lingekuwa bora lini?

Njia inakamilika yenyewe. Banda na pacha wake ni mstatili mmoja uliozungushiwa waya wa mita 48. Mstatili bora wa mita 48 ni mraba wa 12 kwa 12, eneo 144, na nusu yake ni 72, yenye vipimo vya 6 kwa 12. Kwa kona unachora mapacha watatu, waya unakuwa mita 96, mraba ni 24 kwa 24, eneo 576, na robo yake ni 144. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kulieleza hili kwa mchoro bila aljebra yoyote.

Wakati huohuo, dakika 5 hadi 25 wewe uko na darasa: fomula, mifano miwili, mazoezi sita. Dakika ya 25 darasa likiwa kwenye mazoezi unakwenda kwenye kadi kwa dakika saba au nane kamili. Ziandike dakika hizo ndani ya andalio, kwenye safu ya shughuli za mwalimu, kwa sababu zisipoandikwa zinaliwa na usahihishaji. Usifike pale kuuliza "mmemaliza?" Uliza "nionyesheni mlipokosea kukisia."

Kadi ya akiba kwa atakayemaliza ni hii: *Kuna mistatili ambayo eneo lake na mzingo wake ni namba ileile. Itafute yote yenye pande za namba nzima, uonyeshe kwamba hakuna mingine.* Iko miwili tu, 4 kwa 4 na 3 kwa 6. Kuipata ni dakika chache. Kuonyesha kwamba hakuna mingine kunataka mpangilio: upana ukiwa 1 au 2 mzingo daima unazidi eneo, ukiwa 3 urefu lazima uwe 6, ukiwa 4 urefu lazima uwe 4, na ukiwa 5 au zaidi urefu ungelazimika kuwa mfupi kuliko upana, yaani unarudia ulikopita.

Sahihisha ukurasa wao kwa mambo matatu: je, jedwali lina mpangilio, je, makisio yaliyokosewa yameachwa yaonekane au yamefutwa, je, maelezo ya (d) yangeeleweka kwa mwanafunzi ambaye hakuiona kadi. Jibu sahihi lenye maelezo ya "kwa sababu ni mara mbili" lirudishwe. Aliyeishia kwenye (b) lakini akaeleza vizuri amefanya kazi kubwa kuliko aliyekimbia hadi (d).

Utajuaje kadi haikufaa? Wakimaliza yote kwa dakika kumi na kuanza kupiga soga, ilikuwa rahisi: ilikuwa na hesabu nyingi na fikra chache. Wakikaa dakika kumi na tano bila mstari wowote, lugha ya kadi ndiyo ya kushukiwa kabla ya hisabati yake. Muombe mmoja akusomee na akuambie anachotakiwa kufanya.

## Mradi wa kujitegemea: mistari ya uwanja

Kwa kuwaondolea mazoezi wasiyoyahitaji umeokoa takribani vipindi vitatu vya mada hii. Hivyo ndivyo vinavyolipia mradi. Usiuhamishie nyumbani wote, kwa sababu mtoto mwenye kazi za jioni atashindwa, na mwenye kaka wa sekondari atafanyiwa.

Mradi mzuri una swali ambalo mwalimu mwenyewe hana jibu lake mfukoni, na una mtu halisi anayelisubiri jibu. Huu una vyote viwili: *Uwanja wetu wa mpira unahitaji chokaa kiasi gani kupigwa mistari yote?* Anayesubiri ni mwalimu wa michezo. Huo ni mfano tu. Mwanafunzi akija na swali lake, kama vile vigae vya jengo jipya au matuta ya bustani ya shule, mkubalie, mradi lipimike kwa futi kamba na limalizike ndani ya wiki nne. Maswali ya ukubwa wa "kilimo Tanzania" au "maji" yakate palepale. Hayana kipimo, na yataishia kunakiliwa kitabuni.

Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja wenye swali, vifaa, atakayesaidia kushika kamba, tarehe nne za kukutana na mwalimu kwa dakika tano, kitakachokabidhiwa, na saini mbili. Kinachoua miradi ni wiki ya pili, msisimko unapoisha. Zile dakika tano za kukutana ndizo zinazoivusha, kwa hiyo usizifute hata siku ya mvua.

Wiki ya kwanza ni ya swali na mpango. Mwanafunzi anaorodhesha mistari yote na kutafuta vipimo vya kanuni: goli lina upana wa m 7.32, boksi la kumi na nane linaanza m 16.5 kutoka kila mlingoti na kuingia ndani m 16.5, boksi dogo ni m 5.5 kwa namna hiyohiyo, duara la kati lina nusu kipenyo cha m 9.15, na mstari hauzidi upana wa sm 12. Wiki ya pili anapima uwanja ulivyo kweli, kila upande mara mbili. Vipimo viwili vitatofautiana, na atauliza achukue kipi. Mrudishie swali hilo.

Wiki ya tatu anahesabu. Chukua uwanja wa m 90 kwa m 60. Mzunguko ni m 300, mstari wa katikati m 60. Kila kumi na nane ina upana wa m 40.32, yaani 7.32 na 16.5 mara mbili, pamoja na pande mbili za m 16.5, jumla m 73.32, na ziko mbili. Kila boksi dogo ni m 18.32 na pande mbili za m 5.5, jumla m 29.32, nayo mawili. Duara hajalifundishwa: alichore kwa kigingi na kamba ya m 9.15, alitandazie kamba nyingine na kuipima, atapata karibu m 57.5. Ukiacha vile vipinde vya kwenye kona na juu ya kumi na nane, jumla inafika kama m 623.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuuhesabu mara mbili mstari wa goli, kwa kuupa kila boksi pande nne wakati upande mmoja tayari umo kwenye mzunguko. La pili ni kuchanganya urefu na eneo: chokaa haifuati urefu peke yake, inafuata pia upana wa mstari. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha afanye jaribio la mstari wa m 5 wenye upana wa sm 10 mahali palepale uwanjani, ahesabu umekula makopo mangapi. Tuseme makopo 2. Mita 623 zina vipande vya mita 5 karibu 125, sawa na makopo 250. Kisha apime kopo moja kwa mizani ya dukani, ageuze kuwa kilo na mifuko.

Wiki ya nne anaandika kurasa mbili na kumweleza mwalimu wa michezo kwa dakika saba, mbele ya darasa. Muombe mwalimu huyo aje na maswali ya kweli: mvua ikinyesha? mstari ukiwa wa sm 12? Alama zigawanye hivi: swali na mpango 5, vipimo na usahihi wake 5, hesabu 5, maelezo na majibu ya maswali 5. Uzuri wa jalada na rangi za marka usiupe alama yoyote, vinginevyo ndivyo vitakavyoletwa.

## Kwenye andalio lenyewe

Huhitaji andalio la pili. Katika lile la kawaida, kwenye hatua ya maarifa mapya na ya kuimarisha, gawanya safu ya shughuli za mwanafunzi kwa mstari mmoja: juu kazi ya wengi, chini namba ya kadi. Mkaguzi atauelewa, nawe hutaandika mara mbili. Kadi zitunze kwenye bahasha ya mada, nyuma uandike tarehe na nani walikwama wapi.

Majina usiyaandike kwenye bahasha. Mada ijayo ikiwa sehemu au takwimu, rudia maswali matano kwa wote. Aliyekuwa kwenye kadi za eneo anaweza kukosa matatu, akakaa na darasa wiki hiyo, na dawati la dirishani likapata mtu mwingine kabisa.